Kichwa Kinauma: Je, ni Mkazo ao ni Migreni?

Katika makutaniko yetu neno «kichwa kinauma» linasikika kila juma. Linasemwa na mama aliyekosa mazoezi ya kwaya, na mwalimu aliyetoka darasani mapema, na kijana aliyekesha akisoma. Neno ni moja, lakini ugonjwa si mmoja. Leo tunataka kueleza aina mbili za maumivu ya kichwa zinazosumbua watu wengi kuliko nyingine zote: maumivu ya mkazo na migreni, ile ambayo vitabu vya Kiswahili vinaita kipandauso. Kuzitenganisha hakuhitaji mashine. Kunahitaji maswali machache na majibu ya kweli.

Kwanza tuondoe kosa moja ambalo tunalisikia sana huku kwetu. Kwa Kifaransa maumivu ya mkazo yanabeba neno ambalo sisi tunalitumia kwa ugonjwa wa damu, yaani «tansio». Mgonjwa anaambiwa kwamba maumivu yake ni ya tansio, anarudi nyumbani akiwaza kwamba damu yake imepanda. Anaacha chumvi, anaogopa kufa ghafula, na wengine wanaomba dawa za jirani mwenye tansio. Hayo ni mambo mawili mbalimbali. Mkazo unaosemwa hapa ni kukazana kwa misuli ya kichwa, ya shingo na ya mabega. Hausemi juu ya damu. Tena, tansio ya damu iliyopanda kidogo kwa kawaida haiumizi kichwa hata kidogo. Inaweza kukiumiza inapopanda sana, kufikia 180 juu ao 120 chini. Ndiyo sababu tansio inapaswa kupimwa kwa kifaa. Mtu asiikisie kwa maumivu ya kichwa.

Mama wawili wa nyumba moja

Tuchukue mfano wa mama wawili, mtu na mdogo wake, wanaokaa nyumba moja katika Bukavu. Majina yao si ya lazima. Yaya ni mshonaji. Anakaa mbele ya mashine tangu asubuhi mpaka jua linapoelekea kuzama. Mdogo wake anauza samaki sokoni, na kila siku anapanda na kushuka mlima akibeba beseni. Wote wawili wanasema kichwa kinawauma. Wote wawili wamezoea kununua vidonge vilevile katika duka moja la dawa. Kidonge kinamsaidia yaya. Mdogo hakimsaidii, naye anasema dawa za siku hizi ni za uongo.

Siku moja walikwenda pamoja kwenye kituo cha afya. Muuguzi aliyewapokea hakuanza na dawa. Aliwapima joto, kisha tansio, kisha akawauliza mmoja baada ya mwingine maswali yaleyale. Tufuate maswali hayo, maana ndiyo kiini cha habari yetu.

Swali la kwanza: maumivu yenyewe yanafanana na nini?

Yaya alijibu: «Ni kama mtu amenifunga kitambaa kichwani na anakikaza. Hakigongi. Kinabana tu.» Wengine wenye maumivu ya namna hiyo wanasema ni kama kofia ndogo, ao kama mzigo uliowekwa utosini na kusahauliwa hapo. Hayo ndiyo maumivu ya mkazo: yanabana, yanasukuma, na yanakaa palepale bila kupanda na kushuka. Kiasi chake ni kidogo ao cha kati. Yanachosha, lakini hayamwangushi mtu.

Mdogo alijibu kwa kupiga mkono wake juu ya meza: tu, tu, tu. «Kinagonga kama ngoma, kinafuatana na moyo.» Maumivu ya migreni mara nyingi yanadunda hivyo. Nguvu yake ni ya kati ao kali, na mara nyingi inamzuia mtu kufanya kazi yake.

Lakini hapa kuna tahadhari. Si kila mwenye migreni anasikia mdundo, na maumivu makali sana yanaweza kubana. Kwa hiyo jibu la swali hili peke yake halitoshi. Tuendelee.

Swali la pili: yako wapi?

Yaya aliweka mikono yake miwili pande zote mbili za kichwa, kisha akaishusha nyuma ya shingo mpaka mabegani. Maumivu ya mkazo kwa kawaida yanashika pande zote mbili: paji la uso, mapanja yote mawili, kisogo. Muuguzi akimbonyeza kwa vidole kwenye misuli ya mapanja, ya taya, ya shingo na ya mabega, mara nyingi mgonjwa anasema «hapo, hapo!», kwa maana misuli hiyo inauma inapoguswa.

Mdogo aliweka kidole kimoja kwenye panja la kulia, karibu na jicho. Migreni mara nyingi inashika upande mmoja. Siku nyingine inaweza kugeuka na kushika upande wa pili, na pengine inaanza upande mmoja na kuishia kichwa kizima.

Hapa ndipo watu wengi wanakosea, hata wale wanaosaidia wagonjwa. Wanasema: upande mmoja ni migreni, pande mbili ni mkazo, na habari imekwisha. Sivyo. Wagonjwa wengi wa migreni wanaumia pande zote mbili, na kwa watoto jambo hilo ni la kawaida zaidi. Tena migreni nyingi zinakuja pamoja na maumivu ya shingo, na mgonjwa anafikiri shingo ndiyo chanzo. Mahali pa maumivu panasaidia, lakini hapaamui peke yake.

Swali la tatu: unafanya nini kichwa kinapouma?

Kama tungeruhusiwa swali moja tu, tungechagua hili. Muuguzi alimwuliza yaya: «Mama, siku kichwa kinapouma, unashona ao unalala?»

«Ninashona, muganga. Ninakunja uso, lakini ninashona. Nikisimama na kutembea kidogo nje, wakati mwingine kinapungua.»

Akamgeukia mdogo. «Na wewe, mama, unaweza kupanda mlima na beseni lako?»

«Hapana! Nikipanda hatua kumi, kichwa kinataka kupasuka. Hata kuinama kuokota bidoni siwezi. Ninafunga dirisha, ninajifunika kitenge usoni, ninakaa kimya.»

Tofauti hiyo ni kubwa. Maumivu ya mkazo hayaongezeki mtu anapotembea ao anapofanya kazi ya kawaida. Migreni inaongezeka: kupanda ngazi, kuinama, hata kutikisa kichwa kunaichochea, na mgonjwa anatafuta kulala bila kusogea. Ukimwona mtu anaumwa kichwa huku anaongea, anapika na kutembea, fikiri kwanza mkazo. Ukimwona amelala gizani na anaomba watoto wanyamaze, fikiri migreni.

Tunasema jambo hili pia kwa ajili ya haki. Katika kusanyiko fulani mama mwenye migreni alisemwa kuwa mvivu, kwa sababu siku mbili alilala na siku ya tatu alionekana sokoni mzima kabisa. Lakini migreni ndivyo ilivyo. Inamwangusha mtu, kisha inaondoka, naye anasimama kama hakuwa na kitu. Kusimama kwake siku ya tatu si ushuhuda kwamba alidanganya siku ya kwanza.

Swali la nne: ni nini kinachofuatana na maumivu?

Yaya hakuwa na jambo jingine la kusema. Anakula kama kawaida, hatapiki. Makelele ya mashine yanamsumbua kidogo, mwanga haumsumbui. Katika maumivu ya mkazo, mtu hatapiki wala hasikii kichefuchefu. Anaweza kuchukia mwanga ao kuchukia sauti, kimojawapo tu, si vyote viwili.

Mdogo alisema moyo unamchafuka, harufu ya samaki inamshinda, na mara nyingine anatapika. Mwanga wa jua unamchoma macho, na vipaza sauti vya ibada ya jirani vinamwumiza. Katika migreni lazima kuwe na angalau moja kati ya haya mawili: kichefuchefu ao kutapika kwa upande mmoja, kuchukia mwanga na sauti vyote viwili kwa upande wa pili.

Kuna dalili nyingine ambayo si wote wanaipata, lakini ikiwapo inasema wazi kwamba ni migreni. Kabla ya maumivu, mtu anaona nyota, ao mistari yenye meno kama ya msumeno inayometameta, ao doa linaloficha sehemu ya anachotazama. Mwingine anasikia ganzi inatambaa polepole kutoka vidole mpaka shavuni. Dalili hizi zinakua pole kwa pole, zinakaa kati ya dakika 5 na dakika 60, kisha zinapita. Maumivu ya mkazo hayana dalili hizo. Mwanamke anayeziona anapaswa kumwambia muganga kabla ya kupewa vidonge vya kupanga uzazi, kwa sababu vile vyenye homoni ya estrojeni vinamwongezea hatari ya kiharusi. Njia nyingine ziko, naye atachaguliwa inayomfaa.

Muda, na hesabu ya mwisho

Muuguzi aliuliza pia muda. Maumivu ya mkazo yanaweza kukaa nusu saa, na yanaweza kukaa hata siku 7. Migreni ya mtu mzima isiyotibiwa inakaa kati ya saa 4 na saa 72, yaani siku tatu. Kisha inaisha, mara nyingi baada ya usingizi, na mtu anakaa bila maumivu mpaka shambulio jingine. Kwa wanawake wengi shambulio linakuja karibu na siku za mwezi. Mara nyingi pia mama ao shangazi alikuwa na ugonjwa huohuo.

Shirika la kimataifa linalochunguza maumivu ya kichwa limeandika kanuni ambazo waganga wanafuata, na toleo lake la tatu lilitoka mwaka 2018. Kanuni hizo zinafanya hesabu nyepesi. Kwa migreni tafuta mambo mawili ao zaidi kati ya manne: upande mmoja, mdundo, nguvu ya kati ao kali, kuongezeka kwa mwendo. Kisha ongeza kichefuchefu, ao kuchukia mwanga pamoja na sauti. Na jambo hilo liwe limetokea angalau mara 5. Kwa mkazo geuza yote manne: pande mbili, kubana, nguvu ndogo ao ya kati, kutoongezeka kwa mwendo, mawili yanatosha, bila kutapika, na liwe limetokea angalau mara 10.

Mdogo alikuwa na mambo yote manne, na kutapika juu yake. Yaya naye alikuwa na yote manne ya upande wa pili. Hesabu yao ilikuwa safi. Kwa wengine haiwi safi hivyo, kwa maana mtu mmoja anaweza kuwa na magonjwa yote mawili: migreni mara moja kwa mwezi, na mkazo katikati ya juma. Mtu kama huyo ajifunze kutambua kila moja linapoanza, kwa sababu dawa zake hazilingani.

Tofauti inatoka wapi, na inabadilisha nini?

Katika maumivu ya mkazo, misuli ya kichwa na shingo inauma na mishipa ya fahamu inazidi kuhisi. Kukaa muda mrefu umeinama, kukosa usingizi, njaa na wasiwasi vinaichochea. Migreni ni ugonjwa wa ubongo wenyewe: mshipa wa fahamu wa uso unaamka na kumwaga kemikali kuzunguka mishipa ya damu ya utando unaofunika ubongo. Mtu mwenye migreni amezaliwa na ubongo unaochochewa kwa wepesi. Kukosa mlo ni kichocheo kimoja. Kwa hiyo mwenye migreni anayetaka kufunga azungumze mapema na mchungaji wake na muganga wake, asingoje shambulio la saa tisa.

Yaya alishauriwa kuinua meza yake ili asiinamishe shingo, na kusimama dakika chache kila saa. Siku maumivu yanapomzidi, anameza parasetamoli, vidonge 2 vya miligramu 500, na kwa kawaida inatosha.

Mdogo alielezwa kwa nini vidonge vilikuwa vinamshinda. Alikuwa anangoja. Alikuwa anasema «labda kitapita», anapanda mlima, na anameza dawa baada ya saa nne, wakati ameanza kutapika. Katika migreni tumbo linapunguza kazi, na dawa inakaa humo bila kufika damuni. Sasa anameza ibuprofeni ya miligramu 400 mara maumivu yanapoanza, pamoja na chakula kidogo, kisha analala gizani. Ibuprofeni haimfai mwenye vidonda vya tumbo, wala mwenye ugonjwa wa figo, wala mwanamke mwenye mimba asiyeagizwa na muganga. Kama mashambulizi yangekuwa mengi, muganga angeweza kumpa dawa ya kumeza kila siku ili kuyazuia, kama propranololi. Hiyo inazuia migreni. Kwa maumivu ya mkazo haina faida. Basi kutenganisha magonjwa haya kuna maana.

Wote wawili walipewa onyo moja. Mtu anayemeza parasetamoli ao ibuprofeni siku 15 ao zaidi katika mwezi, kwa miezi kadhaa, anaweza kupata maumivu mapya yanayoletwa na dawa yenyewe. Kwa vidonge vilivyochanganywa, kama vile vyenye kafeini ndani, siku 10 zinatosha kuleta hasara hiyo. Ukiona kichwa kinakuamsha kila asubuhi na kinatulia tu ukimeza, hesabu siku zako.

Walipewa pia kazi moja: daftari. Kila kichwa kinapouma waandike tarehe, saa ya kuanza na ya kuisha, upande, kama kinadunda ao kinabana, kama wametapika, na dawa waliyomeza. Baada ya miezi miwili daftari hilo linamwonyesha muganga mengi kuliko kumbukumbu ya mtu anayeumwa.

Na malaria?

Kwa nini muuguzi alianza na joto? Kwa sababu huku kwetu maumivu ya kichwa pamoja na kutapika yanaitwa malaria mara moja, na mwenye migreni anatibiwa malaria mara nyingi kwa mwaka. Anapona baada ya siku tatu, kwa maana migreni ingeisha yenyewe, na anasifu dawa. Lakini mkazo na migreni havileti homa. Joto likipanda, kipimo cha malaria kifanywe siku hiyohiyo, hata kwa mtu anayejulikana kuwa na migreni. Kipimo kikionyesha hakuna malaria na joto halipo, na hali hiyo inarudi kila mwezi kwa sura ileile, uliza juu ya migreni.

Kuna maumivu ambayo si ya kuhesabu nyumbani. Nenda hospitali bila kungoja kama maumivu yamekuja ghafula kama radi na kufika kilele katika dakika moja. Kama yako pamoja na homa na shingo ngumu. Kama mkono ao mguu umelegea, maneno yamepotea, ao mtu amezimia ao ameshikwa na degedege. Kama yanafuata pigo la kichwani. Nenda vilevile kama mwanamke ana mimba ya zaidi ya miezi mitano ao amejifungua majuma haya, na anaona ukungu machoni ao uso umevimba. Mtu mwenye virusi vya ukimwi anayepata maumivu mapya ya kichwa, na mtu wa zaidi ya miaka 50 ambaye hakuwahi kuyapata, wasijipe jina la mkazo wala la migreni kabla ya kuonwa na muganga.

Yaya na mdogo wake bado wanakaa nyumba moja, na vichwa vyao havijaacha kuuma kabisa. Lakini yaya hafikiri tena kwamba ana tansio. Na siku mdogo anapofunga dirisha, watoto wanajua kwamba wanapaswa kuchezea mbali, na yaya anapeleka beseni la samaki sokoni bila kumwita mvivu.